Mshono uliohamia mbele

Nilikuwa na kibanda changu pale Majengo, Dodoma, nikapata oda ya suruali 12 za traki za watoto wa netiboli, kitambaa jezi ya pamba, ile inayokuja kama bomba, haina pindo la pembeni. Nikalaza bomba mezani, nikaufata mkunjo wa kiwandani nikiamini ndo umenyooka, nikapanga pateni nikakata. Nikashona kwa ovaloki, nikapiga pasi, zikatoka safi kabisa.

Wiki ya pili yule mama aliyeagiza akarudi na suruali imefuliwa mara moja tu, akamvalisha mwanae mbele yangu. Mguu wa kulia mshono wa ubavuni umekuja mpaka juu ya goti unaelekea ugokoni, wa kushoto umeenda nyuma. Iliniuma sana, nikawaza ni ovaloki inavuta upande mmoja.

Nikampelekea fundi mmoja mtu mzima, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, akaichukua suruali akaivuta kidogo akaniambia usiangalie mshono, angalia vitanzi. Upande wa nje wa jezi ukitazama karibu unaona safu za vitanzi kama V ndogo ndogo zinapanda juu, hizo ndo uzi wa kunyooka wa kitambaa. Miguu yote miwili safu zilikuwa zimelala upande uleule, ndo maana mshono mmoja ulikuja mbele na mwingine ukaenda nyuma, ingekuwa ovaloki ningeona kitambaa kimevutika kwenye mshono wenyewe.

Tukarudi kwenye bomba lililobaki. Akachagua safu moja, akaifata kwa chaki kwa urefu wa mita moja, mwishoni ilikuwa sentimita 6 mbali na mkunjo. Yaani kila mguu niliukata umepinda hivyo hivyo, halafu maji yakamalizia, maana jezi ikilowa vitanzi vinarudi vinapotaka kukaa.

Kuanzia hapo nafua na kukausha kitambaa kwanza, nakilaza kwenye meza chote kisining'inie maana uzito unakivuta, halafu nakata bomba kwa kufata safu moja ya vitanzi, nalifungua liwe tabaka moja. Mstari wa pateni napima mpaka kwenye safu niliyochora, juu kama ni sentimita 14 na chini iwe 14, nikimaliza mguu mmoja nageuza pateni nakata wa pili.

Ila kuna jezi ambayo uzi wake umesokotwa sana, hata ukikata vizuri itajizungusha tu. Hiyo naijua kwa kukata mraba wa sentimita 50 kwa kufata vitanzi, nafua, nikiona kona zimelala naiacha, kwa suruali ndefu natafuta intaloki, kile kitambaa kilichofumwa kama jezi mbili zilizoshikana, chenyewe hakijizungushi hivyo.

Zile 12 hazikunyooka kwa pasi wala kwa kufumua, mguu ulishakatwa vibaya. Nilinunua kitambaa kingine kwa hela yangu nikamshonea yule mama upya, na za zamani nikazilaza upya kwa kufata vitanzi nikakata kaptula za watoto wadogo.