"Situmii": nilivyojifunza kukataa pombe bila kukataa ofa

Kwa muda mrefu nilikuwa nakataa pombe kwa kusingizia dawa. Mhudumu akifika mezani na kuuliza, "Dada, unatumia kinywaji gani?" najibu, "Leo nipe soda tu, niko kwenye dozi." Siku hiyo inapita salama. Lakini dozi huisha, na harusi za Dodoma haziishi. Kwenye sendofu inayofuata, yuleyule niliyekaa naye anauliza kama nimepona, na kama nimepona basi kuna sababu gani ya kubaki na soda? Nikitaja dozi nyingine, meza nzima inaanza kukadiria ugonjwa wangu.

Niliacha uongo huo baada ya hafla ya kumuaga mwenzetu wa ofisini aliyekuwa anastaafu, ukumbini Area D. Usiku ule sikutaja dawa, nilisema tu, "Leo hapana jamani." Jumatatu asubuhi wadada wawili tunaofanya nao kazi wakanifuata na nyuso za furaha kunipongeza. Walikuwa wameshaamua kwamba ni mjamzito. Mimi na mume wangu tulikuwa mwaka wa pili tunatafuta mtoto. Niliwashukuru, nikaingia chooni nikalia. Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Mimi ndiye niliyewapa swali, wakalijibu wenyewe.

Swali lilikuwa kwenye neno "leo". Ukisema "leo situmii", umesema kwamba jana ulitumia na kesho utatumia, kwa hiyo kila mwenye masikio atataka kujua leo kuna nini. Ukisema "mimi situmii", hakuna cha kufuatilia. Mlokole anasema hivyo, Mwislamu anasema hivyo, mtu ambaye pombe haimpendi anasema hivyo, na hakuna anayesimamishwa atoe maelezo. Sababu zangu ninazo, na tangu nianze kusema neno hilo pekee, walioniuliza ni wachache sana.

Ila neno lenyewe halitoshi. Nililisema mara ya kwanza kwenye harusi moja Kisasa, nikanyamaza, na kimya kile kikawa kizito kuliko maelezo. Mhudumu alibaki amesimama, na mama mwenyeji akanitazama kama mgeni aliyekosewa. Nikaelewa kwamba wao hawahitaji sababu yangu. Mhudumu anataka oda, na mwenyeji anaogopa mgeni wake asikae na meza tupu mbele yake. Sasa nayasema yote kwa pumzi moja: "Mimi situmii dada, niletee tangawizi ya baridi." Akishaondoka kuifuata, habari imekwisha.

Wakati wa kulisema nao una maana. Kwenye kumbi zetu kuna wahudumu wanaopita na bia na kifungulio mkononi, na mgeni akiwa anamsikiliza MC anashtukia chupa imeshafunguliwa mbele yake. Ikishafunguliwa hairudi kwenye kreti. Kamati imeinunua kwa michango ya watu, na mimi najua uchungu wa michango hiyo. Kwa hiyo naagiza mara tu ninapokaa, kabla hata sijaweka pochi chini, na glasi yangu haikai tupu. Glasi tupu inaalika mtu mwenye chupa. Soda ikifika nusu naongeza, na nikiinuka kwenda kusalimia watu ninarudi na kuagiza nyingine, kwa sababu kinywaji nilichokiacha bila mtu sikinywi tena.

Kazini jambo gumu ni ofa. Mkuu wa idara akisema, "Meza hii yote ni ya kwangu leo, kila mtu bia mbili," ukijibu "hapana, ahsante", amesikia kwamba umekataa mkono wake. Hapo mwanzo nilidhani ugumu uko kwenye pombe, kumbe uko kwenye kupokea. Siku hizi nainuka kidogo kwenye kiti na kusema, "Ahsante sana mkuu, ofa nimeipokea. Ya kwangu iwe tangawizi." Nimepokea, nimeshukuru mbele za watu, nimebadilisha tu kilichomo ndani ya chupa. Sijaona bosi aliyekasirika kwa hilo. Anayekasirika mara nyingi ni mwenzako wa kando, aliyekwisha kunywa tatu, anayesema unajifanya. Huyo simpi sababu mpya. Akirudia, narudia sentensi ileile kwa sauti ileile. Ukimpa sababu ya pili, atajua ya kwanza ilikuwa inajadilika. Mara ya tatu naenda kumsalimia mtu wa meza nyingine.

Kuna mtihani mmoja ambao ni wa Dodoma hasa, nao ni mvinyo. Mtu atakwambia, "Hii si pombe, ni zabibu tu za kwetu." Mvinyo wa kawaida una kilevi kiasi cha asilimia 12, zaidi ya mara mbili ya bia nyingi, na ule mtamu unakunyemelea zaidi kwa sababu ulimi hauoni ukali. Mwaka jana kwenye harusi ya binamu yangu nilikaa na mzee mkulima wa zabibu kutoka Hombolo. Alikuwa amekuja na chupa aliyoipata kutokana na zabibu za shamba lake, akaanza kumimina mezani kwa fahari. Angekuwa muuza bia ningesema neno langu nikamaliza. Lakini huyu alikuwa ananipa jasho lake.

Nilifunika glasi yangu kwa kiganja, taratibu, kabla chupa haijaifikia. Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo tena. Mimi situmii, lakini zabibu zako nataka kuzisikia. Za mwaka huu zimetoka vipi?" Akaiweka chupa chini. Kwa nusu saa nilijifunza kukatia mizabibu, mavuno mawili ya mwaka, na namna ndege wanavyowahi matunda kabla ya mwenye shamba. Alipoinuka aliniachia chupa iliyobaki nusu nimpelekee mume wangu. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaifunga kwenye mfuko. Mume wangu aliimaliza wiki ileile.

Wakati wa kugonga glasi, naomba mapema soda imiminwe kwenye glasi ndefu kama za wengine, basi. Maharusi wanaangalia glasi zilizoinuliwa, hawaangalii kilichomo.

Kijijini ndiko bado sijapata njia inayofanya kazi kila mara. Huko pombe ya mtama inakuja kwenye chombo kimoja kinachozunguka, hakuna mhudumu wa kumwagiza tangawizi, na "situmii" kwa mzee aliyeketi na chombo mkononi inasikika kavu. Mara ya mwisho, kwenye mahari ya mdogo wangu huko Mvumi, nilifanya alivyonielekeza shangazi. Nilipiga goti, nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikampa shangazi aliyekaa kulia kwangu bila kukigusisha mdomoni. Babu alicheka, akaniita kwa jina la bibi yangu. Mzee mwingine pembeni yake hakucheka, na jioni nikamfuata nyumbani kwake na sukari kilo mbili kumsalimia. Tuliongea mpaka giza likaingia, na kuhusu pombe hakuuliza.