Jentamaisini ya saa nne usiku

Nilipoingia zamu ya usiku wodi ya watoto, nikiwa bado muuguzi wa mafunzo, nilikabidhiwa mtoto wa miezi kumi na minne mwenye nimonia kali. Uzito kwenye faili ulikuwa kilo 8. Nilimpandisha tena mizani, akiwa hana nguo wala nepi, kwa sababu namba ya mapokezi wakati mwingine ni ya kukisia. Ilikuwa kilo 8 kweli.

Chati ilikuwa na dawa mbili. Ampisilini miligramu 400 kila baada ya saa 6: hiyo ni 50 kwa kila kilo, sawa na mwongozo. Chini yake jentamaisini miligramu 60, mara tatu kwa siku. Ya kwanza alishachomwa saa nane mchana, ya pili ilikuwa ya saa nne usiku.

Nikagawanya 60 kwa 8, nikapata 7.5. Mwongozo uliobandikwa ukutani ulisema hivyohivyo, miligramu 7.5 kwa kilo. Hata kwenye bomba isingeshtua mtu: ampuli yetu ilikuwa na miligramu 80 ndani ya mililita 2, kwa hiyo 60 ni mililita moja na nusu, haimalizi hata ampuli.

Sista wa zamu akaniuliza, "Mwanangu, hiyo saba na nusu ni ya sindano moja au ya siku nzima?"

Nikarudi ukutani. Ilikuwa mara moja kwa siku. Sindano tatu za 60 zinafika 180, na 180 kwa kilo 8 ni 22.5: mara tatu ya kipimo. Wapo wanaoigawa dawa hii mara tatu, lakini hapo kila sindano huwa 2.5 kwa kilo, yaani miligramu 20 kwa mtoto huyu. Chati ilikuwa imechukua kiasi cha utaratibu mmoja na ratiba ya mwingine. Jentamaisini ikirundikana mwilini huumiza figo, na sikio likishaharibika mara nyingi halirudi.

Nikampigia daktari.

"Shikamoo daktari. Mtoto wa kilo nane, jentamaisini sitini mara tatu, inatoka ishirini na mbili na nusu kwa kilo kwa siku. Ya saa nne bado sijachoma."

Kimya kidogo. "Usichome. Nilitaka mara moja. Nakuja."

Alikuja, akapiga mstari mmoja juu ya agizo ili lisomeke bado, akaandika jipya na kusaini. Sindano ya mchana haikuwa na tatizo, ilikuwa ndiyo dozi ya siku hiyo. Inayofuata ikapangwa kesho yake saa nane mchana.

Mama wa mtoto, aliyezoea kuhesabu sindano, akaniuliza mbona nimemruka mwanawe. Nikamwambia ile ya pili haikuwa yake, na nikamwomba aniwekee nepi zote nizipime mkojo mpaka asubuhi.