Nilivyojifunza kufupisha chati za kundi bila kuharibu maana

Mimi ndo katibu wa kikundi chetu, na wanachama kama saba hivi hawana simu janja, wanapokea meseji za kawaida tu. Kwahiyo kila wiki nasoma chati za kundi, nafupisha, nawatumia. Meseji moja inabeba herufi 160, na ndo hapo shida ilipoanza, maana watu wetu wanachati nusu Kiswahili nusu Kiingereza na slengi juu.

Siku moja chati ilikuwa hivi:

```
- mitin ya jmosi bado iko? naskia imepush
- haijapush, venyu ndo imechenji, tunaenda ukumbi mpya
- c mwenyekiti ashakonfemu, mi ntacheki viti
- poa, tumiti 3pm
```

Nikafupisha haraka haraka: "Mkutano J'mosi saa 3, ukumbi mpya, viti vipo." Nikatuma, nikajiona nimemaliza kazi. Jumamosi mama mmoja mtu mzima akafika ukumbini saa tatu asubuhi, akakaa pale peke yake masaa sita mpaka sisi tunafika saa tisa. Nilipomsalimia shikamoo akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, si uliandika saa tatu?" Na kweli niliandika. Kwenye chati ilikuwa 3pm, ya Kiingereza, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri, mi nikatoa ile pm nikabandika "saa" mbele. Iliniuma sana. Na viti navyo havikuwepo, maana aliyesema "ntacheki" hakuahidi chochote, alisema ataangalia, ni mimi niliyegeuza ikawa vipo.

Nilivyorudi nyumbani nikakaa na ile chati neno kwa neno. Nikaona kitu ambacho kila siku naongea ila sikuwahi kukitazama: neno kama "haijapush" au "ashakonfemu", Kiingereza kinakupa jambo lenyewe tu, lakini kama limefanyika, halijafanyika au litafanyika, yote hayo yako kwenye vile vipande vya Kiswahili vya mbele. Sasa ukitaka kupunguza herufi mkono unakimbilia kukata hivyo vidogo, unabaki na "push" na "konfemu", na anayesoma hajui ni amri, ni habari au ni swali. "Asha konfemu" ukiitenganisha vibaya mtu anadhani kuna dada anaitwa Asha ndo kakonfemu.

Kinachonisumbua kuliko vyote ni "bado". "Mitin bado iko" maana yake mkutano upo palepale. Kata "iko", ibaki "mitin bado", maana imegeuka kabisa, ni kama haujawa tayari. Na "c" ile ya mwanzo wa sentensi nayo ina mambo yake, "c mwenyekiti ashakonfemu" ni kumkumbusha mtu kwamba mwenyekiti amekubali, lakini asiyekuwepo kwenye maongezi anaweza kuisoma kama kukanusha, kwamba siyo mwenyekiti. Hizo siku hizi nazifuta, naandika nilichoelewa kwa sentensi nzima.

Kwahiyo nikabadilisha utaratibu. Kwanza naandika chati yote kwa Kiswahili kirefu bila kujali urefu, kila kitenzi na kiambishi chake, kila saa naitaja kwa maneno pamoja na asubuhi au alasiri. Baada ya hapo ndo nakata, na ninachokata ni salamu, vichekesho, "poa" na majibizano, siyo vitenzi. Ile chati ingetoka hivi:

```
Mkutano upo Jumamosi saa tisa alasiri. Siku haijabadilika, ukumbi ndio umebadilika: ni ule mpya. Viti havijapatikana bado, vinafuatiliwa.
```

Hizo ni herufi 137, zinaingia bila kuandika "2" badala ya "tu". Hiyo nayo niliacha tangu nilipoandika "2po 2" nikimaanisha tupo tu, mtu akaelewa tupo wawili.

Kingine kilichonichanganya muda mrefu, meseji yangu fupi ilikuwa inahesabiwa kama mbili. Kumbe emoji moja tu inashusha nafasi kutoka 160 mpaka 70. Na ile alama ya juu kwenye ng'ombe au J'mosi, ukiikopi kutoka sehemu nyingine ikaja imepinda badala ya kunyooka, inafanya vilevile. Sasa naifuta naiandika upya, au naandika Jumamosi yote.

Kabla ya kutuma nampa mdogo wangu ambaye hayupo kwenye kundi, asome, aniambie angefika lini, wapi, na angebeba nini. Simuulizi kama ameelewa maana atasema ndio. Juzi nilimpa meseji ina "tutacheki usafiri", akaniambia basi yeye angesubiri gari lije kumchukua. Nikafuta, nikaandika "Usafiri haujapatikana, kila mtu ajipange."