Diski tatu za studio: vile niliondoa kopi zilizojirudia bila kufuta foto ya pekee

Mtu akikuambia upange fishye zako kwa jina halafu ufute zile zinafanana, usimsikilize. Mimi nilimsikiliza, na mama mmoja wa Himbi alilia mbele yangu juu ya ile. Naandika hii nikiwa bado na hasira kidogo, juu ushauri ule ule bado nausikia kila siku hapa Goma, na wanaousema ni watu wanaojua ordinateri kunizidi.

Niko na studio ndogo ya foto pale Katindo tangu 2012. Diski zilikuwa tatu. Ya kwanza, DISK_A, ni ya 500 Giga, ya foto za 2012 mpaka 2017. DISK_B ni ya 1 Tera, humo nilikuwa nimekopia vitu vya A mara mbili mara tatu, kila mara kwenye dosye mpya juu sikukumbuka kama nilishakopia, halafu nikaendelea kuweka harusi na ubatizo wa miaka iliyofuata. DISK_C njo ile ya Mei 2021. Tarehe 22 usiku Nyiragongo ilipolipuka, mbingu yote nyekundu, mimi nilikuwa nakopia B kuingia C kwa haraka, nikaichomoa kabla haijamaliza nikatoka. Tarehe 27 tulipoambiwa tuhame nilipanda boti ya Bukavu na diski zote tatu ndani ya kabasi la nguo za watoto.

Sasa ile makosa. Mwaka uliofuata B ilijaa. Nikafungua Windows, nikatafuta *.jpg kwenye diski nzima, nikapanga kwa jina. Ikaonekana vizuri kabisa, DSC_0412.JPG mara nne, DSC_0413.JPG mara nne, zote zimejipanga chini moja moja. Nikaacha moja kwa kila jina na zingine nikazipiga Shift+Delete, siku mbili nzima nilifanya ile kazi, nikapata nafasi kama 90 Giga na nikalala na furaha.

Kitu sikufikiria, na kila mpiga foto anakijua: apare yangu ya Nikon inahesabu kutoka DSC_0001 mpaka DSC_9999, ikifika pale inarudi tena 0001. Kwa miaka ile ilishazunguka mara kadhaa. Kwa hiyo DSC_0412 ya kwanza ilikuwa mtoto wa ubatizo wa 2014, ya pili ilikuwa kwaya, ya tatu njo bwana harusi wa 2019. Ni foto tofauti kabisa zinazochangia jina. Kama ningeangalia hata safu ya ukubwa pembeni ningeona moja ni Mega 4,1 na nyingine ni Mega 5,3. Sikuangalia.

Wiki tatu baadaye mama wa Himbi akaja. "Papa, nataka zile foto zote za harusi ya binti yangu, baba yake alishatutoka, mule njo anaonekana vizuri." Nikafungua dosye mbele yake. Ilikuwa na foto 31. Siku ile nilipiga zaidi ya 250.

C iliniokoa nusu, juu ile kopi ya usiku wa volkano ilikuwa imefika katikati ya harusi hiyo. Zingine nilizitoa na PhotoRec, programu ya bure inayosoma diski yenyewe na kutafuta foto zilizofutwa. Inazirudisha bila jina, kila moja inaitwa kitu kama f1234567.jpg, na ni lazima uziweke kwenye diski nyingine, ukiziandika juu ya ile ile unaziua wewe mwenyewe. Bahati sikuwa nimeweka kitu kipya kwenye B tangu siku ile. Bado foto 12 hazikurudi mpaka leo, na mbili kati yake ni za baba na binti wakiingia kanisani.

Mpwa wangu anayesoma informatiki njo aliniweka kwenye njia. Aliniambia hivi: "Mjomba, usiulize fishye inaitwaje, uliza iko na nini ndani." Kuna programu zinazofanya ile. Zinatafuta kwanza fishye zenye ukubwa sawasawa, halafu zinasoma ndani yake zote na kutoa namba ndefu, kitu kidogo kikibadilika ndani ya foto namba inakuwa nyingine kabisa. Ukubwa peke yake hautoshi, apare zingine zinatoa fishye za RAW zenye ukubwa mmoja kwa foto tofauti. Yeye alitumia rmlint kwenye laptop yake ya Ubuntu, na mimi mpaka leo natumia hiyo.

Lakini programu haikuwa kitu cha maana zaidi, mpangilio njo wa maana. Nilinunua diski mpya ya 2 Tera, dola kama 80 na kitu, tukaiandaa kwa ext4 na kuiita MAMA. Nilikopia B yote kuingia MAMA jinsi ilivyo, na zile za PhotoRec nikaziweka humo. B yenyewe nikaifunga ndani ya mfuko, sikuigusa tena. Baada ya hapo sheria ni moja: ndani ya MAMA hatufuti kitu. Tunafuta kwenye A tu, na ni kile tu ambacho kimethibitishwa kiko ndani ya MAMA.

```
cd ~
sudo mount -o remount,ro /media/studio/MAMA
rmlint -T df -k -m /media/studio/DISK_A // /media/studio/MAMA
sh rmlint.sh -n
sh rmlint.sh -p -x
```

Mstari wa pili unaifunga MAMA isiandikwe, hata ukikosea amri hakuna kinachoweza kufutika humo. Kwenye mstari wa tatu, kile kilicho nyuma ya // njo cha kulindwa. -k inasema usifute hata kimoja cha upande ule, na -m inasema fishye ya A ambayo haina mwenzake ndani ya MAMA iache, hata kama iko mara tano ndani ya A yenyewe. rmlint haifuti kitu, inasoma tu na kuandika karatasi yake inayoitwa rmlint.sh. Umeme ukikatika katikati, na kwetu unakatika, hupotezi kitu, unaanza tena. Kwangu A ilichukua usiku mzima. Ya -n inaonyesha kitakachofutwa bila kukifuta, isome, mimi nilisoma kurasa na kurasa. Ya -p inalinganisha tena kila fishye kabla ya kuifuta.

Ilipomaliza, A iliyokuwa imejaa ilibaki na Giga 40 na kitu. Na hapa njo utamu wenyewe, juu kile kilichobaki ni vitu ambavyo MAMA haina. Sikuhitaji tena kukisia. Nilikuta ubatizo mzima wa 2013 ambao sikuwahi kuupeleka B, mule ndani ya dosye inaitwa "Nouveau dossier (2)", mahali ambapo mtu yeyote angefuta bila kufungua.

Mabaki yale nikayakopia kuingia MAMA (unairudisha kwanza na remount,rw), ndani ya dosye yake peke yake, MABAKI_A. Usiyachanganye na dosye zingine, DSC_0412 itakalia DSC_0412 nyingine na unarudi kwenye shida ya kwanza. Na kukopia, si kuhamisha. Yanabaki pia kwenye A. Hivi kila foto iko sehemu mbili: za B ziko B na MAMA, mabaki ya A yako A na MAMA.

Kuhakikisha kama kopi iliingia sawa, nilichomoa MAMA, nikaichomeka tena ili isome diski na si kumbukumbu ya ordinateri, halafu nikarusha ule mstari wa rmlint bila kugusa rmlint.sh. Safari hii inatakiwa itaje mabaki yote ya A kuwa yako na mwenzake. Ikiacha moja, ile moja haikukopika vizuri. Kwangu iliacha tatu, nikazikopia upya.

C ndiyo ilinifundisha zaidi. Kabla ya yote nilitafuta fishye tupu:

```
find /media/studio/DISK_C -type f -empty
```

Zikatoka kadhaa, zenye jina na hazina kitu ndani, ni zile kopi ilikuwa inaanza nilipochomoa. Kwa programu zingine fishye tupu zote zinahesabika ni kopi ya moja, juu zote hazina kitu. Nilichukua majina yake nikaangalia kama MAMA iko na zile nzima. Zilikuwepo.

Halafu nikafanya C kama A. Kwenye mabaki nikaona foto 37 zenye jina lile lile, ukubwa ule ule mpaka namba ya mwisho, tarehe ile ile na za MAMA, na bado rmlint imekataa kusema ni kopi. Mara ya kwanza nilidhani programu imekosea. Nikafungua mbili mbili pamoja: ya MAMA nzuri, ya C nusu ya juu ni harusi na nusu ya chini ni kijivu tupu. Lakini kwa foto nne ilikuwa kinyume, ya C njo nzima na ya MAMA njo imeharibika, maana yake B ilikuwa imeanza kuugua bila mimi kujua. Ukiona jina sawa na ukubwa sawa na programu inakataa, moja kati ya hizo mbili ni mgonjwa, fungua zote kwa macho yako. Ningepanga kwa jina ningefuta zile nne nzima.

Kuna vitu haivishiki. Foto iliyopita WhatsApp imebanwa upya, si fishye ile tena, ingawa kwa macho ni ile ile. Na foto uliyoigeuza kwenye Windows ukahifadhi pia imebadilika ndani. Zote hizo zinabaki kwenye mabaki, na mimi nimeziacha. Zinakula nafasi ndogo na sina roho ya kuzikagua moja moja.

Kopi zilizo ndani ya MAMA yenyewe pia sijazigusa zote. Programu yangu ya kupanga albamu inatafuta foto kwa njia ya dosye, ukifuta kopi iliyo ndani ya dosye ya albamu inafungua kurasa zenye mashimo, hata kama foto hiyo iko mahali pengine. Nilitoa tu zile dosye nilizokuwa nakopia mara mbili mara tatu kutoka A, tena baada ya kununua diski ya pili ya 2 Tera na kuweka MAMA yote humo.

Ile ya pili haiko Goma. Dada yangu aliibeba na boti, iko kwake Bukavu, Kadutu, ndani ya sanduku la vitambaa, na kila baada ya miezi mitatu minne inakuja inapata foto mpya inarudi. Mama wa Himbi nilimpa fulashi yenye foto zote zilizorudi, sikumlipisha, na zile 12 nimemwandikia majina yake kwenye karatasi, ili siku mtu wa familia akikuta moja ndani ya simu ya zamani ajue ni ipi tunatafuta.