Siku Moja Maishani Mwangu: Mwanagenzi na Gazeti Lisilojulikana Mwenyewe

Saa moja asubuhi huwa ndani ya feri ya Likoni, na kabla ya saa mbili nimekwisha kufagia ofisi na kuchemsha chai, kazi ambayo jamaa zangu wanaamini ndiyo yote afanyayo mwanagenzi wa chumba cha habari.

Saa tatu mhariri aliniwekea mezani nakala ya gazeti dogo la kila wiki, ambalo huandika juu ya kila barabara mbovu ya kaunti isipokuwa zile zilizojengwa na mkandarasi mmoja. "Kijana, nitafutie mwenye gazeti hili," akasema, "na usiniletee jina la mhariri wake."

Nilianza kwa kosa. Nilitafuta jina la gazeti kwenye tovuti ya usajili wa biashara, nikapata jina la biashara linalofanana nalo, la mama mmoja mwenye duka la vifaa vya shule, na nilikuwa nimekwisha kuliandika daftarini nilipokumbuka kufungua ukurasa wa mwisho. Sheria ya vitabu na magazeti ya Kenya inataka kila gazeti lichapishwe likiwa na jina na anwani ya mpiga chapa na mchapishaji, na pale chini, kwa herufi ndogo kama chembe za mchanga, palikuwa na jina la kampuni nisiyowahi kuisikia. Hiyo ndiyo ya kutafutwa, maana jina la gazeti ni bango tu.

Kupitia eCitizen niliomba CR12, hati inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Hisa zilikuwa 1,000: moja ya mhariri wa gazeti lile, na 999 za kampuni nyingine. Ikabidi kulipia CR12 ya pili, kwa kuwa kampuni ikimilikiwa na kampuni, msako hauishi mpaka ufike kwa binadamu. Humo nilikuta watu wawili, mmoja akiwa na hisa 70 kati ya 100. Nilipiga hesabu mara mbili: asilimia 70 ya 999 ni karibu hisa 699, yaani takriban asilimia 69.9 ya gazeti zima. Kanuni za mwaka 2020 humhesabu mtu kuwa mmiliki mnufaika, yaani binadamu aliye nyuma ya kampuni, kuanzia asilimia 10 ya hisa, ila rejista ya wamiliki hao haifunguliwi kwa waandishi wa habari, ndiyo maana tunajenga ngazi yetu kwa CR12 moja baada ya nyingine.

Kampuni zote mbili, pamoja na ile ya mkandarasi, zilikuwa na sanduku moja la posta. Nilifurahi mno, mhariri hakufurahi hata kidogo, akanituma kwa wakili mwenye sanduku hilo.

Hapo ndipo siku iliponiishia. Karani aliniambia niketi, akaenda kula, akarudi, akaniuliza tena jina langu, kisha akapokea simu ya harusi ya binamu yake mpaka nikamjua bwana harusi, bibi harusi na ugomvi wa mahema. Nilikaa zaidi ya saa mbili mbele ya rafu iliyopangwa mihuri ya kampuni, kila mmoja na kibandiko chake, nikaihesabu ikafika 31. Aliporejea kwangu alisema kwa upole wa kuudhi kwamba kampuni zote hizo hutumia sanduku la wakili, na kwamba habari za wateja hazitolewi. Ushahidi niliojivunia ukageuka anwani ya kuchukulia barua tu.

Sijui ilikuwa saa ngapi niliporudi ofisini, ila njaa ilikuwa imekwisha kupita. Nilifungua tenders.go.ke, tovuti ya zabuni za serikali, nikamkuta mkurugenzi wa kampuni ya mkandarasi mwenye majina matatu kama ya mwenye hisa wetu, isipokuwa la kati lilikosa herufi "h". Katika Pwani yetu majina matatu yanayofanana si ajabu, na herufi moja huweza kuwa mtu mwingine kabisa.

Jioni nilimpigia simu mwenye hisa wetu, kwani anayeandikwa lazima apewe nafasi ya kujibu. Nilimwamkia, nikamsomea hisa zake, kisha nikamuuliza kama ndiye aliye kwenye zabuni ile.

"Mwanangu, hao wa kaunti hawajui kuandika," akafoka. "Jina langu lina h. Na gazeti ni mali yangu, kuna ubaya gani?"

Nilimpelekea mhariri rasimu nikiwa nimeandika "mmiliki halisi". Aliniuliza kama nimeona hati yoyote inayothibitisha kwamba hisa zile hakumshikia mtu mwingine. Sikuwa nayo, kwa sababu makubaliano ya namna hiyo hukaa kabatini mwa wakili, pengine nyuma ya ile mihuri. Akakata maneno yangu mawili kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "mwenye hisa nyingi zaidi, ambaye amekiri kuwa gazeti ni lake", akaniambia niangalie "h" kabla ya kuipeleka kwa msanifu wa kurasa.