Kuupitia mwongozo wa mahojiano kabla haujafika sokoni

Kundi dogo la watafiti vijana liliniomba niupitie mwongozo wao wa mahojiano kabla hawajaenda kuzungumza na mama lishe wa Temeke na Buguruni. Swali la utafiti wao lilikuwa wazi: mama lishe ambaye tayari ana mtungi wa gesi huamuaje, siku hadi siku, chakula kipi akipikie gesi na kipi akipikie mkaa? Mwongozo wenyewe ulikuwa na maswali 24, na mahojiano yalipangwa kuchukua dakika 45. Kila swali, pamoja na jibu lake, lilikuwa limetengewa chini ya dakika mbili, muda unaotosha kujaza dodoso lakini hautoshi mtu kusimulia anavyoiendesha kazi yake. Hata hivyo wingi wa maswali ni kasoro inayoonekana kwa kuhesabu tu, na ukipunguzwa bila kuangalia mengine, yanaweza kubaki maswali kumi mabovu.

Sikuanza kwa kusahihisha lugha. Niliandika swali la utafiti juu ya karatasi ili nisilisahau, kisha pembeni mwa kila swali la mwongozo nikaandika jibu ambalo mama lishe wa Dar es Salaam angelitoa, kwa maneno ambayo angeyatumia mwenyewe. Kazi hii ni ya polepole, lakini ndiyo ninayoiamini kuliko nyingine zote, kwa sababu swali linapotazamwa peke yake karibu kila mara huonekana zuri. Pale nilipoweza kuandika jibu moja tu, nalo likawa lile lile ambalo watafiti walitamani kulisikia, nilijua kwamba swali limeshajijibu. Pale jibu lilipokuwa la kweli lakini halisogezi swali lililo juu ya karatasi hata kidogo, nililikata.

Swali la saba ndilo lililonishughulisha kwanza: "Je, unakubaliana kwamba gesi ni salama na ya haraka kuliko mkaa?" Pembeni niliandika, "Ndiyo, ni kweli kabisa." Sikuweza kufikiria jibu jingine. Neno kukubaliana linamwalika mhojiwa aridhie kauli ya mwenzake, na kwa desturi zetu si rahisi mtu kumpinga mgeni aliyekuja kwa heshima na kuketi kwenye benchi lake. Tena swali linaunganisha mambo mawili, usalama na haraka, hivyo anayeiona gesi kuwa ya haraka lakini anaogopa mtungi hana mahali pa kusimama. Zaidi ya hayo, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na kampeni yake imesikika redioni na kwenye mikutano ya hadhara. Mama lishe anajua jibu linalotarajiwa kabla mtafiti hajafungua daftari, na swali la namna hii linampa nafasi ya kulitamka tu. Mahali pake nilipendekeza: "Naomba unisimulie jana, tangu ulipowasha jiko la kwanza mpaka ulipofunga kazi. Ulipika nini, na kila kimoja ulikipikia kwenye jiko gani?" Masuala ya usalama na haraka, kama yana uzito kwake, yatajitokeza katika simulizi hiyo, na yasipojitokeza hilo nalo ni jambo la kuandikwa.

Maswali ya aina ya lile la saba hukamatwa na wengi. Yanayopita bila kuonekana ni yale ambayo hayana sifa wala lawama lakini yana dhana ndani yake. Mwongozo ulikuwa na swali hili: "Ni changamoto gani zinazokuzuia kutumia gesi muda wote?" Swali limeshachukulia kwamba anataka kutumia gesi muda wote na kwamba kuna kitu kinamzuia. Inawezekana mama huyo ameamua kwa hiari na kwa hesabu zake kwamba maharage, yanayochemka kwa saa nyingi, mahali pake ni kwenye mkaa, na kwamba mtungi wa kilo 6 ni wa chai na chapati za alfajiri. Kwake huo ni mpangilio wa kazi, wala hauoni kuwa kikwazo, lakini akiulizwa changamoto atazitafuta na kuzitaja: mtaji, bei, mikopo. Majibu hayo yatajaa kwenye unukuzi, yaani mahojiano yaliyoandikwa neno kwa neno, yatapangwa katika mada, na ripoti itasema kwamba mama lishe wanakosa uwezo, jambo ambalo mwongozo ulilisema kabla yao. Nililibadilisha kuwa: "Kuna chakula ambacho hukipikii gesi? Tuchukue kimoja, nieleze unavyokipika."

Kulikuwa pia na swali "Kwa nini bado unatumia mkaa?" Hapa neno moja, bado, linamweka mhojiwa kizimbani. Hata bila neno hilo, "kwa nini" humfanya mtu atafute sababu ya kujitetea, ilhali "ilikuwaje mpaka ukaanza" humrudisha kwenye tukio. Sisemi kwamba "kwa nini" ipigwe marufuku. Ikija baada ya mhojiwa kusimulia jambo lake kwa urefu haina madhara, lakini likiwa ndilo swali la kufungulia mada, huzaa utetezi.

Mpangilio wa maswali ulihitaji kazi nyingine. Kwa hili niliomba mmoja wa watafiti anisomee mwongozo mzima kwa sauti, mimi nikiwa katika nafasi ya mama lishe, nikiweka alama kila nilipohisi kwamba ningeanza kupima maneno yangu. Alama ya kwanza ilikuja mapema mno. Swali la pili liliuliza kipato cha siku, na la nne liliuliza kama ana kibali cha kufanyia biashara mahali alipo. Mtu mwenye karatasi anayefika sokoni na kuuliza mapato na kibali anafanana na mkusanya ushuru, na fomu ya ridhaa iliyosomwa dakika tano kabla haiwezi kuifuta picha hiyo. Kibali hakikuhusiana na swali la utafiti, tukakiondoa. Kipato kilihusika, lakini tulikipeleka karibu na mwisho na kukiuliza kwa njia ya matumizi: siku ya kujaza mtungi, hela hutoka wapi?

Kasoro ya pili ya mpangilio ni ngumu zaidi kuiona. Maswali ya tano na ya sita yalihusu moshi, kikohozi na macho kuwasha, na baada ya hapo ndipo maswali ya uchaguzi wa jiko yalipoanza. Kila swali kati ya hayo lingeweza kupita likiwa peke yake. Yakifuatana hivyo, mama aliyekwisha kusema kwamba moshi unamuumiza kifua hawezi tena kusema kwa uhuru kwamba anapenda mkaa, kwa kuwa ataonekana anajipinga. Basi niliyapanga kuanzia kwenye tendo kuelekea kwenye maoni: kwanza siku ya jana, kisha chakula kimojakimoja, kisha mara ya mwisho gesi ilipoisha, halafu fedha, na mwisho kabisa afya na maoni yake kuhusu kampeni ya nishati safi. Kampeni ikitajwa mwanzoni, mahojiano yote yatakuwa majibu ya kampeni.

Kuhusu kudodosa, mwongozo ulikuwa umeandika "dodosa zaidi" chini ya karibu kila swali. Agizo hilo halimsaidii kijana anayehoji kwa mara ya kwanza, huku wateja wanapita na mhojiwa anaosha sahani. Nilirudi kwenye majibu niliyoyaandika pembeni na kujiuliza, kwa kila jibu, ni kitu gani kingebaki kimefichika kama mazungumzo yangeishia hapo. Tuchukue jibu lililo karibu kuepukika, "gesi ni ghali." Hatujui ni ghali kuliko nini, kwa mtungi mzima au kwa siku, na anapoishiwa hufanya nini. Kwa hiyo chini ya swali hilo tuliandika madokezo matatu mafupi: ghali ukilinganisha na nini; mara ya mwisho mtungi ulipoisha, siku hiyo ilikwendaje; je, siku hiyo ilikuwa kama kawaida. Dokezo la tatu lina kazi yake, kwa sababu tukio la mwisho linaweza kuwa la msiba au la sikukuu. Nilisisitiza pia kwamba madokezo yabaki matatu au pungufu, na yasiwe sentensi kamili, kwani yakiwa sentensi yatasomwa yote kwa mpangilio hata pale mhojiwa alipokwisha kuyajibu. Udodosi nao unaweza kubeba jibu. "Ni kwa sababu ya bei, siyo?" ni swali la saba lililorudi kwa mlango wa nyuma.

Mwongozo uliorekebishwa, wenye maswali makuu tisa, ulijaribiwa kwa mama lishe wa Temeke ambaye hangekuwa sehemu ya sampuli, saa tisa alasiri baada ya wateja wa mchana kupungua. Alisema gesi ni ghali, kama tulivyotarajia. Mhojaji akauliza, "Mama, ghali ukilinganisha na nini?" Akajibu, "Mwanangu, mkaa nakopa. Yule pale ananipa asubuhi, jioni nikishauza namlipa. Gesi nani atanikopesha?" Mwongozo wa awali usingefika hapo. Jibu la "ghali" lingeandikwa na swali la nane lingefuata, na mkopo wa kutwa, ambao unaeleza kwa nini mtungi unakaa mtupu mpaka fedha ya mkupuo ipatikane, usingeingia kwenye data hata kidogo.

Katika unukuzi wa jaribio hilo niliangalia urefu wa aya za mhojaji na za mhojiwa, pamoja na mahali ambapo jibu lilianza kwa "ndiyo" na kuishia hapo hapo. Swali moja kuhusu afya lilikuwa limepata "ndiyo" tupu, tukaliandika upya.

Jambo moja hatukukubaliana mara moja. Kiongozi wa kundi alitaka swali la usalama libaki kama lilivyo, kwa kuwa mwongozo wa awali ulikuwa umeshapitishwa na kamati ya maadili. Hoja yake ilikuwa ya msingi, maana zana iliyoidhinishwa haibadilishwi kimyakimya. Tuliwasilisha marekebisho kwa kamati, maswali ya zamani na mapya yakiwa yamewekwa sambamba na sababu ya kila badiliko, na kazi ya sokoni ikasubiri jibu lao. Sasa ninapoombwa kupitia mwongozo, huuliza kwanza kama maombi ya maadili yamekwisha kupelekwa, na kama hayajapelekwa naomba yasubiri mpaka unukuzi wa jaribio usomwe.