Kitabu cha Lindo

Baridi ya Julai mjini Nakuru hushuka kutoka upande wa Menengai kuanzia saa sita usiku, na wanaoijua vizuri ni masoja wanaolinda usiku. Usiku mmoja wa Julai 2015, nikiwa zamu ya usiku kama afisa wa kliniki, waliingia wawili wakiwa bado na makoti makubwa ya kazi. Mmoja alikuwa mzee wa miaka 54. Mwenzake, kijana wa kama miaka 30, alikuwa amemshika kiwiko kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine amebeba daftari gumu lenye jalada jeusi. Ilikuwa saa tisa na dakika arubaini.

"Daktari, ni gesi tu," mzee alianza kabla hajaketi. "Nimekunywa Eno, nikacheua, nikapata nafuu. Huyu kijana ndiye amenisumbua."

Nilimwuliza hiyo gesi inakaa wapi. Hakunionyesha kwa kidole. Alikunja ngumi akaiweka katikati ya kifua. Mtu anayeumwa na msuli au ubavu kwa kawaida hugusa mahali pamoja, na ukipabonyeza analalamika. Nilimbonyeza kifua chote, hakusikia lolote. Na ile nafuu ya Eno sikuitegemea, kwa sababu kubanwa kwa moyo huja na kuondoka kwenyewe, na kukiondoka dakika chache baada ya dawa ya tumbo, dawa ndiyo inayosifiwa.

Swali lililobaki ndilo lenye uzito: je, kifua kinabana ukitembea na kuachia ukisimama? Mzee akasema hapana, kinabana tu kikitaka.

"Mzee, samahani, si hivyo," kijana akasema, akafungua daftari kwenye meza yangu.

Lilikuwa kitabu cha matukio cha lindo lao, ghala lililo upande wa viwandani. Kila saa mmoja wao huzunguka ua na kuandika muda wa kutoka langoni na muda wa kurudi. Mwishoni mwa Juni, raundi za mzee zilikuwa za dakika 20. Wiki ya kwanza ya Julai zikawa 25, kisha 30. Usiku wa juzi ilikuwa 40, na kijana alikuwa amemwona kwa tochi akisimama kwenye tangi la maji, pale njia inapopanda, ameegemea ukuta. Na usiku huo, saa tisa kasoro dakika ishirini, mzee hakuwa ametoka kabisa. Alikuwa ameketi kibandani, jasho likimtoka kwenye baridi ile, mkono wa kushoto umekuwa mzito.

Mashine ya kumtembeza mgonjwa huku moyo ukipimwa hatukuwa nayo, lakini daftari lile lilikuwa limefanya kazi hiyo kwa wiki tatu. Kifua kinachobana kwenye mwinuko ule ule na kutulia mtu akisimama ni dalili ya mshipa wa moyo uliopungua upana. Kinapoanza kubana kwa mwendo mdogo zaidi, hali inabadilika. Kinapobana mtu ameketi na kupita dakika 20, huenda donge la damu limeanza kuziba mshipa.

Nilimwuliza kijana walikuwa wakiota nini kibandani. Jiko la makaa, akasema, na mlango umefungwa kwa sababu ya upepo. Moshi wa makaa usioonekana hukalia nafasi ya oksijeni ndani ya damu, na moyo uliobanwa tayari huzidi kukosa oksijeni. Kifaa cha kidoleni kilisoma 98, lakini hakiwezi kutofautisha gesi ile na oksijeni, kwa hiyo nilimvisha barakoa ya oksijeni bila kujali ile namba.

Tukampima umeme wa moyo kabla dakika kumi hazijapita tangu aingie. Karatasi ilitoka safi.

Hapo mzee aliomba buti zake. Saa kumi na moja supavaiza hupita, na soja asiyepatikana lindoni huhesabiwa ametoroka na kukatwa siku. Sikumlaumu, kwa sababu siku moja ya mshahara ule ni unga wa nyumba nzima. Kijana alikuwa ameliwaza hilo mapema: kabla ya kuita teksi alimpigia supavaiza simu, akasubiri mlinzi wa akiba afike, ndipo wakaondoka. Pikipiki aliikataa, akihofia mzee angezirai njiani. Sasa alizivuta buti chini ya kiti chake, akazibana kwa miguu.

"Mzee wangu, utazivaa daktari akisema."

Nilimweleza mzee kwamba karatasi ile ni picha ya sekunde chache. Donge likiwa limeachia kidogo wakati huo, picha hutoka nzuri. Hata kipimo cha damu cha troponini huweza kuwa safi katika saa za mwanzo, kwa maana msuli wa moyo ukiumia huchukua muda kuimwaga. Nilimwuliza kama aspirini imewahi kumdhuru, kama amewahi kutapika damu au kwenda choo cheusi. Hapana. Nikampa aspirini ya miligramu 300 na kumwambia aitafune, asiimeze nzima, ili iingie kwenye damu upesi. Waya za kifuani nikaziacha palepale.

Saa kumi na dakika kumi na tano ngumi ilirudi kifuani. Nilibonyeza mashine papo hapo. Safari hii, kwenye mistari inayoutazama moyo kutoka chini, II, III na aVF, sehemu ya mstari inayopaswa kulala baada ya pigo ilikuwa imeinuka. Upande wa chini wa moyo ulikuwa unakosa damu. Kidonge cha chini ya ulimi, kile cha kutanua mishipa, sikumpa, kwa sababu shambulio la upande huo likigusa chumba cha kulia cha moyo, kidonge hicho huweza kuangusha presha ghafla. Nilimpa klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, vidonge vinne vya miligramu 75, nikampigia daktari mkuu wa zamu.

Kabla ya dawa ya kuyeyusha donge kuna maswali ya lazima: kiharusi, upasuaji wa karibuni, kutokwa damu. Kwa soja nililikazia moja: umepigwa kichwani miezi mitatu hii? Wezi huanza na kichwa cha mlinzi, na ubongo uliojeruhiwa huweza kuvuja damu kwa dawa hiyo. Mzee alikana. Nilimtazama kijana, naye akatikisa kichwa.

Dawa yenyewe, streptokinasi, yuniti 1,500,000, ilianza kutiririka saa kumi na dakika arubaini, ikiwa imepangiwa saa nzima. Muuguzi alipima presha kila dakika tano. Dakika ya kumi na tano ilishuka hadi 84 kwa 50, jambo ambalo dawa hiyo hulifanya mara nyingi ikienda kasi. Tulisimamisha dripu, tukainua miguu yake, tukampa maji ya chumvi ya mshipani. Presha iliporudi tukaendelea taratibu. Dakika 90 tangu tuanze, kifua kilikuwa kimeachia na mstari umeshuka zaidi ya nusu, ishara kwamba damu imepata njia.

Kijana alikuwa bado pale, buti miguuni. Alinyanyua daftari, akatafuta ukurasa wa usiku huo.

"Daktari, nafasi yake ya saa nane iko wazi. Niandike nini, wasiseme alitoroka?"

Nilimwambia aandike saa waliyoondoka na sababu. Akaandika pole pole, kwa herufi kubwa, kisha akanigeuzia kalamu niweke sahihi.